Antminer S9 kwenye Umeme wa LUKU: Hesabu ya Mchimbaji wa Bitcoin wa Nyumbani, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, ndugu mafundi wa umeme na wa kompyuta mliotoka Nyakato, Igoma, Buhongwa na Kirumba, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nijibu swali moja ambalo mafundi wengi wa hapa mjini wamekuwa wakiulizwa na wateja wao. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua mashine iliyotumika ya kuchimba bitcoin, hasa ile iitwayo Antminer S9 ambayo sasa inauzwa kwa bei ambayo hata kijana mwenye kibanda cha simu anaweza kuimudu, akaifunga nyumbani kwake na kujiunga na kundi la wachimbaji wenzake mtandaoni, je, atapata faida? Nitalijibu kwa hesabu, na nitabaki na mashine hiyo hiyo moja kwa sehemu kubwa ya mazungumzo, kwa sababu nimeona kwamba watu wakitajiwa mashine nyingi na bei nyingi kwa mkupuo, huondoka na matumaini badala ya kuondoka na jibu.

Tuanze na kazi ambayo mashine hiyo inaifanya. Inachukua muhtasari wa bloku, yaani fungu la miamala inayosubiri kuandikwa kwenye leja ya bitcoin, inaubadilisha kidogo, kisha inaupitisha mara mbili kwenye kanuni ya SHA-256 na kupata namba ndefu ambayo hakuna awezaye kuibashiri. Namba hiyo ndiyo hashi. Ikiangukia chini ya kikomo kilichowekwa na mtandao, bloku imepatikana na aliyeipata analipwa. Ikiwa juu ya kikomo, inatupwa na mashine inajaribu tena. Kasi ya hashi ni idadi ya majaribio hayo kwa sekunde. S9 hufanya terahashi 13.5, maana yake majaribio trilioni 13 na nusu kila sekunde, usiku na mchana, na karibu yote hayo huishia kutupwa.

Namba hiyo ni kubwa mpaka mtu ailinganishe na ya wenzake. Mwaka 2025 kasi ya mtandao mzima wa bitcoin ilivuka eksahashi 1,000, ambazo ni sawa na terahashi bilioni 1. Kwa hiyo mwenye S9 anashika sehemu 13 na nusu kati ya sehemu bilioni 1. Na hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaweza kulikosea kwa urahisi, kwa kuwa tumekulia karibu na wachimbaji wa dhahabu. Kule Geita watu wakiongezeka na kuchimba kwa bidii zaidi, mawe yanayotoka chini huongezeka. Katika bitcoin hayaongezeki hata kidogo. Mtandao hujipima upya kila baada ya bloku 2,016, yaani kila baada ya wiki mbili hivi, na mashine zikiwa zimeongezeka, kiwango cha ugumu hupandishwa ili bloku iendelee kupatikana kila dakika 10 kwa wastani. Bloku ni 144 kwa siku, na kila moja inalipa bitcoin 3.125 tangu malipo yalipopunguzwa kwa nusu mwezi Aprili 2024. Hivyo kinachogawanywa duniani kote kwa siku ni bitcoin 450, pamoja na ada za miamala ambazo kwa kawaida ni nyongeza ndogo. Mashine mpya inayowashwa popote duniani inapunguza sehemu ya kila mwenye mashine ya zamani.

Sasa fikirieni mtu wa Igoma aliyewasha S9 yake peke yake, bila kundi. Kwa sehemu hiyo aliyonayo, wastani wa muda wa kusubiri bloku moja ni miaka 1,400 na ushee. Wastani huo hauna maana kwamba ni lazima asubiri miaka yote hiyo, kwa kuwa kila jaribio ni jipya na halikumbuki yaliyotangulia, na inawezekana kabisa akapata bloku kesho asubuhi. Lakini LUKU haikopeshi kwa ahadi ya kesho asubuhi. Uniti zinaisha leo, na malipo yake yako mahali fulani katika karne zijazo. Hilo ndilo tatizo ambalo kundi la wachimbaji lilibuniwa ili kulitatua, na ni vizuri kuelewa kwamba ni tatizo hilo tu.

Kundi la kwanza lilianzishwa na Marek Palatinus huko Prague mwishoni mwa mwaka 2010, wakati ambapo mtu mwenye kompyuta ya kawaida alikuwa ameanza kukaa muda mrefu bila kupata bloku. Kundi hilo lilijulikana kwa miaka mingi kama Slush Pool, na tangu mwaka 2022 linaitwa Braiins Pool. Wazo lake lilikuwa rahisi, na makundi yote ya leo bado yanalitumia: wachimbaji wote watafute bloku kwa jina la kundi, kila mmoja athibitishe kiasi cha kazi aliyofanya, na bloku ikipatikana mapato yagawanywe kwa kazi.

Kuthibitisha kazi ndiko kwenye ufundi, kwa kuwa kundi halikuoni wewe wala mashine yako, na huwezi kulipwa kwa kusema tu kwamba umejaribu. Kundi huipa mashine yako kikomo chake lenyewe, kilicho rahisi mno kuliko kile cha mtandao. Kila hashi yako inayoangukia chini ya kikomo hicho rahisi hutumwa kwa kundi na huitwa shea. Kwa S9, kundi likiweka ugumu wa shea kuwa 32,768, mashine itatuma shea moja kila sekunde 10 hivi, yaani zaidi ya 8,000 kwa siku. Karibu zote hazitoshi kuwa bloku, kwa sababu kwa mtandao wa ukubwa niliotaja ni shea moja tu kati ya bilioni 4 na kitu ambayo ingetosha. Hata hivyo kila shea ni ushahidi, kwa kuwa hakuna njia ya kuipata bila kufanya majaribio mengi, na kundi huikagua kwa hashi moja tu, kazi isiyolichukua muda wowote.

Swali ambalo huulizwa mara moja ni hili: kama mashine yangu ndiyo iliyobahatika kupata ile shea inayotosha kuwa bloku, kwa nini nisiichukue bloku hiyo kimyakimya na kujilipa bitcoin zote 3.125? Haiwezekani, na sababu yake ni nzuri kuielewa. Anwani ya kulipwa imeandikwa ndani ya bloku yenyewe kabla mashine haijaanza kuihangaikia, na anwani hiyo ni ya kundi. Ukiifuta na kuweka yako, muhtasari unabadilika, hashi inakuwa nyingine kabisa, na ule ushindi unapotea. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuificha bloku asiitume, na hapo atalitia kundi hasara, lakini yeye mwenyewe hatapata kitu kwenye bloku hiyo.

Kuhusu malipo, makundi hutofautiana, na tofauti mbili tu zinatosha kwa mchimbaji mdogo. Upo mpango unaoandikwa kwenye kurasa zao kama FPPS, ambapo kundi linakulipa kwa kila shea kwa bei inayojulikana, bloku ipatikane isipatikane, na bahati mbaya yote inabebwa na mwenye kundi. Na upo PPLNS, ambapo unalipwa bloku inapopatikana tu, kwa kuangalia shea za karibuni, ukibeba bahati pamoja na wenzako. Kwa kuwa wa kwanza anabeba mzigo wako, ada yake huwa kubwa zaidi. Ninaona kwamba mtu anayenunua uniti kwa fedha ya wiki hiyo hiyo anafaa kwenye mpango wa kwanza, ingawa wapo watakaonipinga kwa sababu ya ada, na hoja yao si mbaya kwa mtu mwenye akiba.

Lakini jambo ambalo watangazaji wa mashine hawalisemi ni kwamba kundi haliongezi wastani wa mapato yako hata kwa satoshi moja. Linachukua malipo ya bloku moja ndani ya miaka 1,400 na kuyakata vipande vidogo vya kila siku, kisha linatoa ada yake. Mtu akiwa na biashara ya hasara, kundi litamletea hasara iliyonyooka, isiyoyumbayumba, ambayo anaweza kuiona kila jioni.

Tuifanye hesabu ya jioni moja. Sehemu ya S9 katika bitcoin 450 za siku ni satoshi 607, nanyi mnajua kwamba bitcoin moja ni satoshi milioni 100. Kundi likitoa asilimia 2, zinabaki satoshi 595. Nitachukua bei ya bitcoin kuwa dola 100,000 na dola moja kuwa shilingi 2,500, si kwa sababu ndizo bei za leo, bali kwa sababu ni namba za duara ambazo kila mmoja anaweza kuziondoa na kuweka zake. Kwa namba hizo satoshi 595 ni kama shilingi 1,490. Hayo ndiyo mapato ya saa 24.

Upande wa pili, S9 hula wati 1,320. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 31.7. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye kwenye daraja la T1 anatozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika shilingi 356. Umeme wa siku unakuwa kama shilingi 11,280. Mashine imeingiza 1,490 na imekula 11,280, hasara ni shilingi 9,790 kwa siku, karibu 294,000 kwa mwezi, na bado hatujahesabu bei ya mashine yenyewe, feni wala intaneti. Mtu huyo huyo angechukua zile shilingi 11,280 na kununua bitcoin moja kwa moja, angepata satoshi zaidi ya 4,500 badala ya 595. Ili S9 ijilipie umeme wake kwa bei hiyo ya uniti, bitcoin ingebidi ipande mpaka zaidi ya dola 750,000 huku mtandao ukibaki ulivyo, jambo lisiloaminika, kwa kuwa bei ikipanda hivyo watu watawasha kila mashine waliyonayo stoo na ugumu utapanda pia.

Ndiyo maana ninawaomba msiangalie mapato ya siku peke yake, bali mtafute namba moja ambayo mimi naiita bei ya kuzima: gawanya mapato ya siku, baada ya ada ya kundi, kwa uniti ambazo mashine inakula kwa siku. Kwa S9 ni 1,490 kwa 31.7, yaani shilingi 47. Umeme wowote unaozidi shilingi 47 kwa uniti unaifanya mashine hiyo iwe ya kuzimwa. Antminer S19 ya mwaka 2020, yenye terahashi 95 na wati 3,250, bei yake ya kuzima kwa namba zile zile ni shilingi 134 hivi. Antminer S21, yenye terahashi 200 na wati 3,500, ni shilingi 262. Mtaona kwamba hata S21, ambayo mtu hawezi kuinunua bila kujikaza sana, haifiki 356. Kinachotenganisha mashine hizi ni umeme zinaoutumia kwa kila terahashi moja: S9 inatumia wati 98, S19 wati 34, na S21 wati 17 na nusu. Mtu anayewauzia mashine kwa kuisifu terahashi zake bila kutaja wati amewatajia nusu ya mashine.

Najua kuna ndugu hapa ambao tayari wamefikiria daraja la D1, lile la matumizi madogo ya nyumbani, ambapo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, yaani 122 ukijumlisha. S19 yenye bei ya kuzima ya 134 ingeonekana kupona hapo. Lakini daraja hilo ni la uniti 75 kwa mwezi. S19 inazimaliza uniti 75 ndani ya saa 23. Mwezi mzima wa unafuu unaisha kabla siku moja haijatimia. S9 inazimaliza ndani ya siku mbili na theluthi. Baada ya hapo kila uniti ya ziada inatozwa shilingi 350 kabla ya kodi, ambayo ni zaidi ya T1, na mteja mwenye matumizi ya namna hiyo hatabaki kwenye D1. Kwa maneno mengine, unafuu uliowekwa kwa ajili ya balbu, redio na kuchaji simu hauwezi kubeba mashine ya wati elfu tatu, na haukuwekwa kwa ajili hiyo.

Mwingine atasema basi tuunganishe mashine nyingi ili tuingie daraja la T2, lile la wanaotumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, ambapo uniti ni shilingi 195 kabla ya kodi. S21 tatu zinatosha kufika hapo, maana zinakula uniti 7,560 kwa mwezi wa siku 30. Ila kwenye T2 kuna malipo mengine ya kila mwezi kwa kiwango cha juu cha mzigo, kama shilingi 15,000 kwa kila kVA. Ukiyagawa kwenye uniti na kuongeza kodi na tozo, uniti moja inarudi kwenye 263. Bei ya kuzima ya S21 tumeona ni 262. Mtu atakuwa amenunua mashine tatu za gharama kubwa, ameomba laini ya nguvu zaidi, na amefanya kazi mwaka mzima ili alipe TANESCO kila shilingi aliyoipata.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mchimbaji wa nyumbani wa hapa na wachimbaji wa kwingineko. Kule Texas, nchini Marekani, bei ya umeme kwenye soko la jumla hubadilika kila dakika 15, na wenye mashine nyingi huzizima bei ikipanda na kuziwasha ikishuka. Kwao kufuatilia bei ya umeme ni kazi ya kila saa. Kwetu bei inapangwa na EWURA na hukaa hivyo kwa miaka, kwa hiyo mchimbaji wa Mwanza hana saa ya unafuu ya kuivizia. Anachoweza kufuatilia ni daraja lake, bei ya bitcoin, thamani ya shilingi na ukubwa wa mtandao. Ukubwa huo hupungua kwa nadra. Uchina ilipowafukuza wachimbaji mwaka 2021, ugumu ulishuka kwa karibu asilimia 28 kwa mkupuo tarehe 3 Julai, na waliobaki wakaona mapato yao yakipanda bila kuongeza hata mashine moja. Sikushauri mtu anunue mashine akingoja tukio la namna hiyo.

Afrika wapo waliochimba kwa faida, na inafaa kuangalia walichofanana. Hifadhi ya Virunga, ng'ambo ya Rwanda kwa jirani zetu wa Kongo, ilianza kuchimba bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa kituo chake kidogo cha maji. Huko Zengamina, kaskazini-magharibi mwa Zambia, mashine zilifungwa kando ya kituo kidogo cha maji kilichokuwa kikizalisha zaidi ya mahitaji ya vijiji vinavyokizunguka. Wote walitumia umeme ambao tayari ulikuwa ukizalishwa na haukuwa na mnunuzi mwingine. Nyumba ya Nyakato inanunua umeme wake rejareja, baada ya kusafirishwa, kusambazwa na kutozwa kodi, kisha inashindana na mtu ambaye umeme wake ungemwagika mtoni.

Dada mmoja ameniuliza mlangoni kuhusu sola, na nimemwahidi kwamba nitamjibu hadharani. Ili S9 ifanye kazi saa 24 kwa sola, uniti 31.7 za kila siku zinahitaji paneli za kama kilowati 8 na betri za kubeba usiku mzima, na gharama ya betri peke yake inamaliza mjadala. Akiamua kuiwasha mchana tu, kwa saa tano za jua kali na bila betri, atapata satoshi 120 na kitu, ambazo kwa namba zetu ni shilingi 310 kwa siku. Paneli hizo hizo zikiwekwa karibu na mwalo na kutumika kuchaji betri za taa za wavuvi wa dagaa, zitakuwa na mteja anayelipa taslimu kila siku ambayo mitumbwi inaingia ziwani. Sina uhakika kama ndilo jibu alilolitaka.

Nimalizie na wale ambao tayari wanayo mashine, au wanao mteja aliyeng'ang'ania, kwa kuwa fundi hana budi kuifunga salama hata kama hesabu haimpendezi. S9 inavuta ampea karibu 6 kwa volti 230, na soketi nzima ya ampea 13 inaimudu. S19 ni jambo jingine: inavuta ampea 14, na ina nyaya mbili za umeme kwa sababu hiyo. Nimeona watu wakizichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, na plastiki ya ekstensheni ikaanza kunuka kabla ya chakula cha jioni. Tena umeme ukishuka, mashine haipunguzi mzigo. Inavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile, na S19 imetengenezwa kwa volti 200 hadi 240. Mpeni kila waya laini yake kutoka kwenye ubao wa swichi, yenye kikata umeme chake. Na kwa walio jirani na ufukwe, yale makundi ya wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi huvutwa na feni na kujazana kwenye mapezi ya kupozea; wekeni wavu mwembamba upande wa kuingiza hewa na mwusafishe, la sivyo joto litapanda na mashine itaanza kujizima yenyewe.

Dalili za ugonjwa zisomwe sehemu mbili na kulinganishwa. Ukurasa wa mashine yenyewe unaonyesha kasi inayojipimia, na ukurasa wa kundi unaonyesha kasi inayokadiriwa kutokana na shea zilizofika. Makadirio ya saa moja huyumba kwa asilimia kadhaa kwa bahati tu, kwa hiyo msihangaike nayo. Angalieni wastani wa saa 24. Ukiwa chini ya ule wa mashine kwa asilimia 10, kuna kazi inayopotea. Mara nyingi ni intaneti inayokatika, na hapo mtaona shea nyingi zilizokataliwa kwa kuchelewa, kwa kuwa bloku mpya imeshapatikana wakati shea yenu iko njiani. Kasi ikiwa imeshuka kwa theluthi moja kamili, kutoka 13.5 hadi 9, basi bodi moja kati ya tatu za S9 imekufa, na huyo ni mgonjwa wa solda wala si wa mtandao.

Angalieni pia kiwango cha chini cha kutoa malipo. Kundi lenye kiwango cha bitcoin 0.001 litamfanya mwenye S9 asubiri zaidi ya miezi mitano kabla ya kulipwa mara ya kwanza, na watu wengi huzima mashine kabla ya hapo na kuacha salio lao humo. Yapo makundi yanayolipa viwango vidogo kupitia mtandao wa Lightning, na kwa mashine ndogo hayo ndiyo ya kutafutwa. Na kwa kuwa nimeulizwa juu ya sheria: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo mwezi Novemba 2019 la kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijiti. Anayetaka kufanya biashara hii akaonane na mshauri wa kodi kabla, kwa sababu asilimia 3 inakatwa kwenye malipo, si kwenye faida.

Mtu akija kuwauzia mashine, mwombeni aiwashe kwake kwa saa 24 kwenye LUKU yake, mwandike uniti za mita kabla na baada, mwone wastani wa siku kwenye ukurasa wa kundi, kisha mpige bei ya kuzima pale pale. Baadhi yao watasema umeme wao ni ghali.

S9 ile iliyo mezani tumeazimwa kwa ajili ya jioni hii, na kipimo cha wati kimefungwa kwenye waya wake. Nitaiwasha sasa ili msome namba kwa macho yenu, na kwa kelele inayoitoa haitawezekana kuendelea kuzungumza, kwa hiyo mwenye swali aje nalo karibu na masikio yangu, au tukutane nje.